Tupeane uzoefu: Serial Monitor ikitema takataka

FundiKasarani: Wadau, nina Pro Mini niliyonunua Luthuli, ya kuendesha pampu ya tangi la ploti. Programu inaingia bila shida, lakini Serial Monitor inatema vimiraba na alama za kuuliza tu. Ndani kuna `Serial.begin(9600)` na dirisha liko 9600. Kebo nimebadilisha. Nani amewahi kupatwa na hii?

Otis: Yangu ilijaa miraba meusi. Nilizungusha kale kaskurubu ka nyuma ya kioo, maneno yakatokea.

MamaSolda: Otis, hiyo ni LCD, mambo mengine kabisa. Kaka Fundi, Pro Mini ziko za 16 MHz na za 8 MHz, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zote hupokea programu kwa 57600, kwa hivyo hata ukichagua isiyo yako itaingia tu, na hapo ndipo watu hupotelea. Usibishane na maandishi ya kristali, hayasomeki. Weka hii ndani ya `loop()`, ushike saa ya simu:

```
digitalWrite(13, HIGH); delay(10000);
digitalWrite(13, LOW);  delay(10000);
```

(Pin 13 iwe `OUTPUT`.)

FundiKasarani: Taa inakaa sekunde 20!

Kevo: Basi weka dirisha 4800, kazi kwisha. Mimi hufanya hivyo.

MamaSolda: Maneno yatasomeka, sikatai. Kompaila imeambiwa 16, kristali inapiga 8, kila kitu kinaenda nusu mwendo: 9600 inatoka kama 4800. Lakini Kevo, pampu iliyoambiwa izime baada ya dakika 5 itazima baada ya 10, na maji yatakuwa yashamwagikia majirani. Fundi, nenda Tools, Processor, chagua `ATmega328P (3.3V, 8 MHz)`, upakie upya. Dirisha liache 9600. Na hiyo bodi ikiwa kweli ni ya volti 3.3, usiipe 5 kwenye VCC kabla hujaangalia vifaa ulivyounganisha.

Njeri_Juja: Mimi ni ESP8266. Ikiwashwa inatapika mstari mmoja wa uchafu, halafu maneno yangu ya 115200 yanakuja safi. Kumbe ROM yake hudhani kristali ni 40 MHz na bodi ina 26. Piga hesabu: 115200 × 26 ÷ 40 = 74880. Nikiweka dirisha 74880, ule uchafu unageuka `rst cause`, na ndio ulinionyesha kwa nini ilikuwa inajizima na kuwaka yenyewe.

Kevo: Hiyo 74880 nilidhani mtu alikosea kuandika kwenye menyu.

FundiKasarani: Imekubali, mama. `Kina: 84 cm`, safi kabisa.

Baraka_Pipeline: Na yangu je? ATmega328P bila kristali, inatumia saa ya ndani, 8 MHz. Asubuhi inasomeka, mchana chini ya mabati inaharibika.

MamaSolda: Saa ya ndani huyumba na joto, na volti pia. Inaendeshwa na betri?

Baraka_Pipeline: Betri, ndiyo. Jioni nitapima volti.