Mwanangu kakoseshwa swali la mafua, wakati dawa ilimponya!

MamaJunia: Wakuu, nina hasira. Swali la baiolojia kidato cha pili: "Je, antibayotiki hutibu mafua? Toa sababu." Mwanangu kajibu ndiyo, huua virusi. Mwalimu kapiga kosa jekundu, sifuri, bila neno hata moja. Mtoto huyu juzijuzi aliamka Jumamosi ana homa, kichwa na mwili wote unamuuma. Jumatatu nikamnunulia amoksilini duka la dawa, Alhamisi akarudi shule. Kama haitibu mafua, wanatuuzia ya nini?

Mfamasia_Moro: Dada, homa ya mafua mara nyingi hushuka yenyewe siku ya tatu, ya nne hivi. Angepona Alhamisi hata kwa maji na parasetamoli. Amoksilini humharibia bakteria ukuta wake anapoujenga, mwishowe anapasuka. Kirusi hana ukuta huo. Anaingia ndani ya seli za koo na kuzitumia hizohizo kuzaana, kwa hiyo dawa haina pa kumshika. Ile "huua virusi" ndiyo iliyomponza.

Kipanga: Mbona ARV zinapambana na virusi? Mwalimu kabana maksi tu.

Mfamasia_Moro: ARV si antibayotiki. Zimetengenezwa kuzuia vimeng'enya vya VVU. Mafua makali nayo yana dawa yake, oseltamivia, inayosaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, nayo haigusi bakteria.

MwalimuMstaafu: Ningempa nusu. Mafua yakikaa yanageuka nimonia, na nimonia ni bakteria. Ukiwahi antibayotiki unamkinga.

Mfamasia_Moro: Shikamoo mwalimu. Nimonia ya bakteria huweza kuja juu ya mafua, kweli, ila virusi navyo huleta nimonia. Mtoto mwenye afya hapewi amoksilini kwa hofu tu. Homa ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu, akihema harakaharaka au kifua kikimchoma, apelekwe hospitali. Hata akiandikiwa antibayotiki hapo, wanaotibiwa ni bakteria.

MwalimuMstaafu: Marahaba. Bado nusu ningempa.

BabaZu: Mimi nanunua rangi mbili sita tu, mafua kwisha. Dozi nzima ya nini?

Mfamasia_Moro: Yangekwisha bila hivyo sita, kaka. Vimewapata bakteria wako wa kawaida wa kooni na tumboni. Wanyonge wamekufa, sugu wamebaki, na siku ukiugua kweli ndio utakaopambana nao.

MamaJunia: Sasa mwalimu alishindwa nini kuandika mistari miwili kama hii chini ya lile kosa? Mtoto kaandika alichokiona nyumbani kwake! Na muuzaji hakuuliza hata kama anakohoa. Kanihesabia vidonge kwenye bahasha bila cheti, kapokea hela. Kesho naanza na shule, nikitoka huko napita dukani.