Rektifaya ya wimbi zima kwa opampu mbili: ya R/2 au ya rezista tano zilizo sawa? Wastani wangu haufiki

kipimo_chaDC

Wakuu habari za leo. Natengeneza kipimo cha volti za AC za 50 Hz, mwisho wake unasomwa na ADC. Nataka wimbi la sini la 1 V RMS likiingia, itoke 1.00 V DC. Nimepata sakiti mbili, zote zina opampu mbili na daiodi mbili.

Sakiti A: opampu ya kwanza inatoa nusu wimbi lililogeuzwa. Ya pili inajumlisha nusu hiyo, inayopitia R4, na wimbi lenyewe linalotoka moja kwa moja kwenye ingizo kupitia R3. Rezista zote ni R, ila R4 ni R/2. R5 ndiyo mrejesho wa opampu ya pili.

Sakiti B: rezista tano, zote R. R1 iko kwenye ingizo. Opampu ya kwanza ina njia mbili za mrejesho, R2 na R3, kila moja na daiodi yake. Upande wa R2 unaingia mguu wa chanya wa opampu ya pili. Upande wa R3 unapita R4 na kuingia mguu wa hasi. R5 ni mrejesho wa opampu ya pili.

Niliijenga B kwa sababu sikutaka kuhangaika na R/2. Nimetumia 20 kΩ za asilimia 1, TL072, 1N4148, na umeme wa ±12 V. Kabla ya kugusa chochote ilitoa 0.90 V, na hesabu inakubali, maana wastani wa sini iliyonyooshwa ni 0.637 ya kilele na RMS ni 0.707. Basi nikahitaji ukuzaji wa 1.11. Nikaifanya R5 iwe 22.2 kΩ (20 kΩ na 2.2 kΩ zikifuatana), nikatarajia 1.00 V. Napata 0.966 V. Nimezipima rezista zote, ziko sawa. Zile milivolti 34 zimekwenda wapi?

fundi_nyaya

Daiodi hizo mkuu. Silikoni inakula 0.6 V, hata opampu ikisaidia kuna kinachobaki. Weka za Schottky. Pia kila wimbi linapovuka sifuri, opampu lazima iruke kutoka daiodi moja hadi nyingine, na muda huo unapotea.

Bi_Mrejesho

Kuhusu kuruka uko sawa ndugu yangu, ila hapa siyo chanzo. Opampu inaruka kama 1.2 V. TL072 inapanda zaidi ya 10 V kwa kila mikrosekunde, kwa hiyo inamaliza ndani ya sehemu ndogo ya mikrosekunde, wakati nusu ya mzunguko wa 50 Hz ni mikrosekunde 10,000. Ingekuwa 741 yenye 0.5 V kwa mikrosekunde, tena kwenye 10 kHz, ningekuunga mkono: mikrosekunde 2.4 kati ya 50 ni upotevu unaoonekana. Na ile 0.6 V iko ndani ya mrejesho, opampu inaifidia yenyewe. Ingekuwa daiodi ndizo zinazokula, asingepata 0.90 V safi kabla ya kubadili R5.

Kipimo_chaDC, nifanyie jambo moja. Ondoa AC kabisa. Weka +1.000 V ya DC kwenye ingizo, soma tokeo. Kisha −1.000 V, soma tena. Lete namba zote mbili.

pawasaplai

Kwani ukiweka kapasita kubwa kwenye tokeo haipandi? Mimi kwenye briji ya daiodi nne nikiweka 2200 µF napata kilele, 1.41 mara ya RMS. Baada ya hapo unapunguza kwa potensiometa tu.

Bi_Mrejesho

Mkuu hicho ni kitu kingine. Kwenye briji kapasita inajazwa na daiodi, na daiodi hairuhusu chaji irudi, ndiyo maana inashika kilele. Hapa tokeo ni la opampu, linasukuma na kuvuta. Kapasita kati ya tokeo hilo na graundi haitashika kilele, itaichosha opampu na huenda ikaifanya ianze kutetema. Yeye anatafuta wastani.

kipimo_chaDC

Nimerudi. Kwa +1.000 V napata 1.110 V. Kwa −1.000 V napata 1.037 V. Kumbe siyo sawa! Nikarudisha AC nikatazama kwenye osiloskopu, kweli nundu zinapishana urefu: moja 1.57 V, inayofuata 1.47 V.

Bi_Mrejesho

Hapo ndipo zilipo milivolti zako. Fuata njia ya kila nusu kwenye sakiti B.

Ingizo likiwa chanya, opampu ya pili inafanya kazi ya kugeuza tu, kwa hiyo ukuzaji wake ni R5/R4. Umeweka 22.2 juu ya 20, umepata 1.11.

Ingizo likiwa hasi, mambo yanabadilika. Volti iliyoko upande wa R2 (niite v) inaingia mguu wa chanya wa opampu ya pili. Mguu wa hasi nao unakuwa v, kwa hiyo mkondo unapita R4 na R3 kurudi opampu ya kwanza. Mkondo wa ingizo unagawanyika njia mbili, v/R na v/2R, na v inakuwa theluthi mbili ya ingizo. Kisha opampu ya pili inaikuza kwa 1 + R5/2R.

```
nusu chanya:  G = R5/R
nusu hasi:    G = (2/3)(1 + R5/(2R))
```

R5 ikiwa sawa na R, zote mbili ni 1. Ukiipandisha hadi 1.11R, ya kwanza inakuwa 1.11 na ya pili 1.037. Wastani wa hizo mbili ni 1.073, zidisha kwa 0.900, unapata 0.966 yako.

Kwenye sakiti B ukuzaji unawekwa na R1, siyo R5. R1 iko kabla ya njia kugawanyika, kwa hiyo nusu zote zinapata R/R1 ileile. Rudisha R5 iwe 20 kΩ, weka R1 ya 18 kΩ. 20/18 ni 1.111, na kinachotakiwa ni 1.1107. Bahati nzuri rezista zote mbili zinauzwa hivyo hivyo.

Kwenye sakiti A ni kinyume. Huko R5 inakuza kila kinachofika opampu ya pili, ndiyo inayoguswa, na R1 usiiguse kamwe, itaharibu nusu moja peke yake.

fundi_nyaya

Nimekuelewa dada, nafuta ushauri wa Schottky. Ila swali: nundu zikipishana siyo lazima iwe ukuzaji. Ingizo likiwa na DC kidogo chini ya AC si zitapishana vilevile?

Bi_Mrejesho

Ndiyo, na kwenye osiloskopu zinafanana kabisa. Ndiyo maana nilimwomba apime kwa DC ya +1 na −1. Kama namba hizo mbili zinalingana lakini nundu zinapishana, tatizo liko kwenye chanzo cha wimbi, weka kapasita ya kuzuia DC kwenye ingizo. Kama hazilingani, ni rezista.

kipimo_chaDC

R1 ya 18 kΩ imewekwa. +1 V inatoa 1.111, −1 V inatoa 1.110, na AC inanipa 1.00 V kwenye multimita. Asanteni sana.

Sasa nataka ADC isome kitu kilichotulia, nikaweka 10 µF sambamba na R5. Sielewi ninachokiona. Mstari umetulia kwenye 0.67 V hivi, halafu kila milisekunde 20 inapanda nundu hadi 1.7 V. Multimita bado inasema 1.00.

Bi_Mrejesho

Kapasita inafanya kazi yake, sakiti ndiyo haimruhusu. Kwenye nusu hasi v inaingia mguu wa chanya, na opampu yenye mrejesho haiwezi kukuza mguu wa chanya chini ya 1, hata R5 ukiifunga kwa kapasita ya ukubwa wowote. Kwa hiyo v yote inapita kama ilivyo: theluthi mbili ya 1.57, yaani 1.05 V, juu ya mstari wa 0.67. Wastani wa jumla haubadiliki, ndiyo maana multimita yako imetulia, lakini ADC inayosoma papo kwa papo itapata namba za kila aina.

Ukibaki na B, ondoa kapasita hiyo, weka rezista na kapasita baada ya tokeo, kisha bafa kabla ya ADC. Hiyo ni opampu ya tatu.

Kwa kazi yako ningehamia A. Nusu zote mbili zinaingia mguu wa hasi wa opampu ya pili, kwa hiyo kapasita kwenye R5 inachuja yote. R5 ya 22.2 kΩ na 10 µF inakupa sekunde 0.22. Mtikisiko utakaobaki ni wa 100 Hz, karibu milivolti 5 juu na 5 chini kwenye 1 V, na itachukua sekunde moja na kidogo kutulia baada ya wimbi kubadilika. Upande chanya wa kapasita ukae kwenye tokeo. Ukigeuza daiodi zote mbili tokeo linakuwa hasi, na kapasita igeuke pia.

R4 usitafute 10 kΩ. Chukua 20 kΩ mbili za pakiti ileile uziweke sambamba. Kosa la asilimia 1 kwenye R4 linakuwa asilimia 2 kwenye nusu moja ya wimbi, na hicho ndicho unacholipa kwa kutumia A. Kingine, ingizo la A linaona R1 na R3 sambamba, yaani 10 kΩ. Chanzo chako kikiwa dhaifu utapoteza kabla hujaanza.

dima_na_triaki

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina sakiti A yenye 1.11 napima mzigo unaoendeshwa na dima. Kwenye sini kamili inalingana na multimita yangu ya RMS ya kweli. Nikipunguza dima, yangu inasoma chini, tena sana.

fundi_nyaya

Hiyo ndiyo 1.11 yenyewe mkuu. Ni ya sini tu. Ukiweka wimbi la mraba la 1 V itasoma 1.11 V. La pembetatu itasoma pungufu, karibu asilimia 4. Wimbi lililokatwa na dima lina vipande virefu vya sifuri, wastani unashuka haraka kuliko RMS. Hakuna rezista itakayokuokoa, kwa sababu kila nafasi ya dima inataka namba yake. Unahitaji kuhesabu mraba wa kila sampuli, au chipu ya RMS.

kipimo_chaDC

A imejengwa. 1 V RMS inatoa 0.998 V, mtikisiko kama alivyosema Bi Mrejesho. Kimebaki kimoja: nikiunganisha ingizo na graundi inatoka 9 mV, na nikipima mawimbi ya 20 mV inasoma zaidi. Niiondoe hiyo 9 kwenye programu?

fundi_nyaya

Iondoe tu, ni ofseti.

Bi_Mrejesho

Ningesubiri kidogo. Sehemu inayotoka opampu ya pili unaweza kuitoa, imejumlishwa tu kwenye tokeo. Ila ofseti ya opampu ya kwanza inasogeza mahali wimbi linapokunjwa. Athari yake kwenye mawimbi madogo siyo ileile ya ingizo likiwa sifuri, kwa hiyo huenda ukatoa zaidi ya inavyotakiwa. Pima kwa 5, 10, 20 na 50 mV, uchore uone kama mstari umenyooka. Ukipinda chini, kutoa namba moja hakutatosha.

kipimo_chaDC

Sina jenereta inayoshuka hadi 5 mV. Nitatengeneza kigawanyo cha rezista kesho, kisha nilete namba.