MJADALA: Mwimbaji kagoma, tumtafute mwenye sauti kama yake?

Kitasa: Mtunzi katupa kibali cha wimbo wa tangazo la redio, ila mwimbaji aliyeuimba kagoma. Mteja anasema tutafute mtu wa sauti kama yake aurudie. Kuna kosa? Studio ni Jumatatu.

Bondo: Kosa liko wapi? Mtunzi kalipwa, rekodi mnatengeneza nyie. Sauti haina hatimiliki. Na mngekata chini ya sekunde 7 hata mtunzi msingemlipa.

Fundi Mitambo: Hizo sekunde 7 ni hadithi za vijiweni Bondo, hata sekunde 3 zikitambulika wanakudai. Hatimiliki ya sauti kweli hakuna, lakini kuna haki ya mtu kutotumiwa kuuza bidhaa bila ridhaa yake, na kuna nchi sauti inahesabika humo sawa na sura. Kamuulize mwimbaji wa Marekani, Bette Midler. Ford walitaka aimbe kwenye tangazo akakataa, wakala wao wa matangazo akachukua aliyekuwa mwitikiaji wa Midler, akaambiwa aige kadiri awezavyo, na kibali cha wimbo walikuwa nacho. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa Marekani ikampa haki ya kushtaki.

Bondo: Ford walilipa mamilioni, naikumbuka hiyo.

Fundi Mitambo: Hawakulipa. Lilimwangukia wakala, dola 400,000. Kitasa, kilichowaponza ni ule mfuatano: aombwe, akatae, ndio aigwe. Na nyie meseji za kumwomba zipo. Mpeni mwimbaji mwingine aimbe kivyake, mpigo tofauti, na kwenye maelekezo ya studio lisiandikwe jina la yule wa kwanza.

Mama Kijani: Mimi nilisaini karatasi picha yangu ibandikwe ukutani pale ninapofanyia mazoezi, nikaja kujiona kwenye tangazo la dawa ya kupunguza unene, "kapungua kilo 12 kwa wiki 3". Dawa yenyewe sijawahi kuionja!

Bondo: Si ulisaini? Na kilo 12 ukizipunguza si neema 😂

Mama Kijani: Neema kwa nani? Unajua uzito wangu wewe? Watu wananisimamisha kuuliza dawa inauzwa wapi, mtu akidhurika atakayelaumiwa nani?

Fundi Mitambo: Angalia ile karatasi imetaja matumizi gani na kwa muda gani. Kama ni ukutani basi ni ukutani. Na hizo kilo 12 zilitakiwa ziwe na ushahidi mezani kabla ya kamera kuwashwa, hilo ni kosa jingine kabisa.

Kitasa: Sasa mteja anasema tuandike chini "sauti si ya mwimbaji asilia". Inatuokoa?

Bondo: Inawaokoa kabisa.

Fundi Mitambo: Nani atasoma maandishi redioni?

Mama Kijani: Bondo bado nasubiri uniombe radhi.

Bondo: Kwa kilo ngapi?