Tally au QuickBooks? Natoka kwenye daftari, salio za mwanzo zisipotee

DukaLaMabati: Wakuu, nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, hesabu zote ziko daftarini. Nataka kuanza na kompyuta 1 Januari. Hadi 31 Desemba nina taslimu 850,000, benki 6,700,000 kwa taarifa ya benki, bidhaa 14,300,000, nawadai wateja 3,650,000, nadaiwa na wasambazaji 7,400,000. Nichukue ipi?

Kapu_Hesabu: QuickBooks, ni nyepesi kuzoea. Madeni usijitese, fungua mteja mmoja umwite "Wateja wa Zamani", weka 3,650,000 yote. Kinachobaki ni mtaji.

Mama Urari: Kapu, urari utakaa sawa kweli. Lakini fundi akija kulipa 400,000 utaifuta kwenye ankara ipi? Na deni la miezi minane utalijuaje? Ingiza zile ambazo hazijalipwa tu, moja moja, kwa jina la mteja, namba na tarehe yake ya zamani. Kwenye Tally, washa `Maintain balances bill-by-bill` kwa kila mteja. Ila usiziingize kama mauzo ya Januari, utapata faida ya uongo na kuzilipia kodi mara ya pili.

Mdogo wangu, kuna hundi uliyotoa ambayo haijapita benki?

DukaLaMabati: Ipo dada, ya 500,000, nilimpa wa saruji tarehe 29. Daftarini nimeshaipunguza kwenye deni lake.

Mama Urari: Basi benki yako ni 6,200,000, na hundi hiyo iorodheshe pembeni ili ikipita Januari usiiandike upya. Jumla ya mali ni 25,000,000, toa 7,400,000, mtaji ni 17,600,000. Kwa taarifa ya benki ungepata 18,100,000, na hakuna programu ambayo ingekushtua, kwa kuwa mtaji umeupata kwa kutoa tu.

Tofauti ya hizi mbili ndiyo hiyo: Tally pande zisipolingana inaandika `Difference in opening balances` kwenye mizania, unaiona. QuickBooks inaitupia `Opening Balance Equity` kimyakimya. Ukishahamishia mtaji mahali pake, akaunti hiyo lazima isome sifuri.

Juma wa Spea: Kwa hiyo nikiwa na Tally naachana na mashine ya EFD?

Kapu_Hesabu: Hapana mkuu, risiti ya EFD unaendelea kuitoa. Hapa tunaongelea vitabu vya ndani. Mama Urari, kwenye ankara nimekuelewa. Bado nasema QuickBooks, mhasibu wake akiwa Dar anaziona hesabu mtandaoni.

Mama Urari: Mtandao ukiwa wa uhakika, sawa. Kwake sijui ukoje.

DukaLaMabati: Unakatika sana, naegemea Tally. Ila kuna wateja wameandikwa jina na kiasi tu, hawana ankara, na wawili wanabisha deni.

Mama Urari: Wasiobisha, watie saini karatasi ya salio kabla hujawaingiza, namba ya ukurasa wa daftari ndiyo iwe namba ya ankara. Hao wawili wana kiasi gani?