Priseti za kamera ya PTZ: picha inafagia ukumbi mzima tukiwa hewani

NyumaYaKamera:
Wakuu, naomba msaada. Nina kamera moja ya PTZ juu ya stendi katikati ya ukumbi, na nyingine isiyosogea iko nyuma kabisa, inaonyesha jukwaa zima. Zote zinaingia kwenye swicha. Kwenye PTZ nimehifadhi priseti: 1 mimbari, 2 meza kuu, 3 jukwaa zima, 4 maikrofoni ya maswali upande wa kushoto, 5 ya upande wa kulia. Msemaji akimaliza nabonyeza 5, watazamaji wanaona picha inapita kasi juu ya vichwa vya watu, na ikifika ina ukungu sekunde moja au mbili ndipo inatulia. Narekebisha wapi?

Kibodi7:
Rahisi tu. Ingia kwenye menyu, washa `Preset Freeze`. Kamera itagandisha picha ya mwisho mpaka ifike inakokwenda. Tatizo limeisha.

FundiMitambo:
Halijaisha, mkuu. Freeze inaficha mwendo, lakini sauti inaendelea. Msemaji anaonekana amekwama mdomo wazi huku muulizaji anasikika, na watu watadhani matangazo yamekatika. Isitoshe, picha ikiachiliwa, ule ukungu bado upo.

NyumaYaKamera, hayo ni matatizo mawili, kila moja na dawa yake.

La mwendo: usiite priseti wakati PTZ iko hewani. Unayo kamera ya pili, itumie kama kifuniko. Mwenyekiti akisema "tuchukue swali kutoka kulia", kata kwenda kamera ya nyuma, bonyeza 5, tazama kidirisha cha PTZ kwenye skrini ya kukagua, na picha ikitulia ndipo urudi. Kabla watu hawajaingia, pima kwa saa mwendo kutoka 1 hadi 5. Ukichukua sekunde 3, kaa kwenye kamera ya nyuma sekunde 4 au 5. Hakuna atakayestuka, maana mtazamaji naye anataka kuona ukumbi pale mzungumzaji anapobadilika.

La ukungu: umehifadhi priseti fokasi ikiwa ya kujiendesha. Kamera ikifika inaanza kutafuta upya, na kadiri ulivyovuta karibu ndivyo inavyohangaika. Msimamishe mtu kwenye maikrofoni ya kulia, vuta, bonyeza `One Push AF`, hakikisha macho yake yamekaa wazi, weka fokasi kwenye `Manual`, kisha hifadhi 5. Rudia kwa kila namba. Kamera nyingi huhifadhi fokasi pamoja na uelekeo na zumu, ila jaribu ya kwako: ita 3, rudi 5, tazama kama uso umetoka wazi papo hapo.

MamaSauti:
Kwani si ungewasha ile ya kumfuata msemaji yenyewe? Akitembea, kamera inamfuata.

FundiMitambo:
Hiyo ni kwa mtu mmoja anayetembea jukwaani, dada. Hapa shida ni kuhama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine aliye mbali.

Stendi_Ngumu:
Kwangu priseti zilikuwa sahihi asubuhi, mchana zote zimehama kidogo kushoto. Kumbe mtu alikanyaga waya, stendi ikazunguka. Kamera inakumbuka pembe zake yenyewe, haijui kama stendi imegeuka. Bandika utepe sakafuni kuzunguka kila mguu, na waya uufunge kwenye mguu ukiacha ulegevu. Ikihama katikati ya shughuli, hifadhi upya 1 na 2 kwanza, hizo ndizo utakazoziita zaidi.

NyumaYaKamera:
Nimejaribu fokasi ya mkono, ukungu umekwisha kabisa. Ila kwenye 5 muulizaji mrefu anakatwa kichwa, na akirudi nyuma hatua moja anafifia.

FundiMitambo:
Umevuta mno. Legeza zumu mpaka uone kuanzia kiunoni na nafasi ya kutosha juu ya kichwa, bonyeza `One Push AF` tena, hifadhi. Hapo hatua moja nyuma haitaonekana sana. Atakayebaki anakatwa mrekebishe kwa joistiki polepole; hata ikiwa hewani, msogeo mdogo wa namna hiyo haumsumbui mtu.

Kibodi7:
Nakubali kuhusu freeze. Lakini kutoka 1 kwenda 2, mimbari na meza kuu zikiwa jirani, mimi ningeshusha `Preset Speed` na kuiita hewani. Inapendeza.

FundiMitambo:
Inapendeza kama zumu na mzunguko vinafika pamoja. Kamera nyingi zumu inamaliza kwanza, halafu picha inaendelea kuteleza pembeni. Na kwa baadhi, kasi hiyo ni moja kwa priseti zote: ukiishusha kwa ajili ya 2, ile 5 nayo itachukua sekunde 10, muulizaji atakuwa amefika nusu ya swali.

Kibodi7:
Yangu inakubali kasi tofauti kwa kila namba. NyumaYaKamera, hebu angalia menyu ya kwako kabla hujakataa.