Tuliokimbia kupunguza kilo tukaishia kuongeza, njooni hapa tupeane uzoefu (Moshi na Arusha)

MamaVifaa:
Habari za jioni wana Moshi. Leo nimepita duka moja la dawa nikaiona mizani imewekwa barazani na kikaratasi "Pima uzito 200/=", roho ikanipiga paa. Yamenirudia yote, bora niyatapike hapa.

Nina miaka 39. Januari nilikuwa na kilo 91 nikaanza kukimbia. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 11 na nusu alfajiri, barabara ya KCMC, kilometa 4 kwenda na kurudi. Nasema kukimbia ila wanafunzi walikuwa wananipita huku wanatembea na madaftari mkononi. Sikujali. Wiki 8 sikukosa hata siku moja, mpaka walinzi wa Shantytown wakawa wananisalimia "Mama, leo umechelewa dakika 5".

Siku ya kupima nilivaa gauni jepesi makusudi, hata hereni nikavua. Nilikuwa nimeshamtambia mume wangu kwamba nitakuta 83. Napanda, inasoma 92 na nusu. Kijana muuza dawa akasema, "Mama hebu shuka upande tena, labda umesimama vibaya." Nikashuka, nikapanda. 92 na nusu. Nyuma yangu kuna mama wawili na foleni yao, mmoja anachungulia. Nikataka kuondoka, yule kijana akanikimbilia anirudishie mia mbili yangu. Jamani, ile mia mbili ndiyo iliyoniliza. Kama mizani ingekuwa mbovu sawa, lakini huyu ananionea huruma! Nililia mpaka dukani kwangu, nikauza misumari huku navuta kamasi.

Ni mimi tu?

Kiboriloni_Juu:
Siyo wewe tu dada. Mimi kilo 3 juu, miezi miwili. Raba nimempa shemeji.

JashoNiMafuta:
Mnakosea kitu kimoja. Vaa nailoni ndani, juu koti zito. Mimi asubuhi moja tu nilishusha kilo 2, nimepima kabla na baada.

NesiMstaafu:
Na jioni ulikuwa na ngapi?

JashoNiMafuta:
Jioni nilikuwa nimeshakunywa maji, haihesabiki.

NesiMstaafu:
Basi ndizo hizo kilo 2 mwanangu, zilikuwa kwenye kikombe. Nimewahi kupokea mtu wa nailoni kaletwa na bodaboda, hajui hata jina lake. Acha.

JashoNiMafuta:
Mabondia wote wanafanya hivyo shikamoo bibi.

NesiMstaafu:
Marahaba. Bondia anataka apungue mpaka saa ya kupimwa, akishuka kwenye mizani anakunywa. Dada anataka apungue mpaka Desemba.

KochaMchakavu:
MamaVifaa, tuandikie siku yako moja ya kukimbia, tuseme Jumatano, tangu unavua raba mpaka unalala. Usifiche kitu, humu hatufahamiani.

MamaVifaa:
Narudi saa 12 na nusu, njaa sina kabisa, hata chai siitaki. Naoga, naenda dukani. Ikifika saa 4 ndiyo balaa, mikono inatetemeka. Natuma kijana kwa mama ntilie, supu na chapati mbili, na soda ya baridi kwa sababu nimetoka jasho. Mchana ndizi nyama kama siku zote, labda naongeza kidogo. Jioni miguu imechoka, narudi na bajaji badala ya kutembea. Usiku nakula kawaida, ila Ijumaa najipongeza na chipsi mayai. Si nimekimbia?

KochaMchakavu:
Asante kwa ukweli wako. Sasa sikiliza, hesabu ni fupi.

Mtu akikimbia kilometa moja anatumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa kilo 91 na kilometa 4 ni kama 360, na hapo ndani zipo ambazo ungezitumia hata ukiwa umelala. Chapati mbili za kukaanga za hapa mjini zinapita 500. Soda ya chupa ni 150 hivi. Yaani saa 4 asubuhi deni la mbio umeshalilipa na chenji juu, supu sijaigusa, chipsi mayai ya Ijumaa sijaigusa. Halafu ile bajaji: zamani ulikuwa unatembea kurudi nyumbani kila siku, sasa siku tatu hutembei. Mbio zimekula matembezi.

Kilo moja ya mafuta ni karibu kalori 7,700. Mbio zako za wiki nzima hazifiki 1,100. Kwa hiyo hata kama usingeongeza tonge, ungehitaji wiki 7 kutoa kilo moja. Wewe ulimwahidi mzee kilo 8 kwa wiki 8! Hakuna barabara ya KCMC ya kutoa hiyo, hata ungefika Machame.

Na zile 92 na nusu zisikutishe zote. Misuli ya mtu anayeanza ikiumia inashika maji. Ndiyo maana ninawaambia watu wapime kiuno kwa uzi, wafunge fundo, warudi baada ya mwezi.

BintiNjiro:
Saa yangu ya mkononi inasema natumia 700 kwa kilometa 5, na mimi nina kilo 68. Kocha unapunja.

KochaMchakavu:
Saa hiyo inakupenda. Ukila kwa kuiamini utanenepa.

MrauAsili:
Wakuu, raba nzuri Memorial siku hizi shilingi ngapi? Namba 43.

BabaWaKibosho:
Ngojeni niwaambie ya kwangu. Nilikuwa likizo nyumbani Kibosho, nikaona bora nikimbilie huko, hewa safi. Bukta, fulana, kitambaa kichwani. Sasa mjue kule mtu mzima hakimbii bure. Mtu mzima akionekana anakimbia asubuhi, kuna jambo.

Nateremka kwa kasi, napinda kona ya kwenye migomba, natokea katikati ya msiba. Watu wamejaa, turubai limefungwa, akina mama wako kwenye sufuria. Wananiona nakuja mbio, nahema, macho mekundu. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake, "Meku, nani tena?" Nikashindwa kujibu, pumzi hakuna. Nikanyoosha mkono kumwambia subiri. Akina mama wakaona mkono, wakaangua kilio upya! Wengine wanashika vichwa, wanataja majina ya wagonjwa wao.

Nilipopata pumzi nikasema, "Nafanya mazoezi." Kimya. Nimewahi kuaibika lakini siyo hivyo. Yule mzee akaniangalia bukta, akauliza mimi ni wa ukoo gani. Nikamtaja babu. Kumbe marehemu ni shangazi yake baba, na mimi sikuwa na habari. Nikakalishwa kwenye benchi na bukta yangu, nikafunikwa kanga ya mtu miguuni.

Likaja bakuli la mtori. Nikasema nimeshiba. Mzee akasema, "Umekimbia hivyo halafu umeshiba?" Nikala. Likaja sinia. Nikala. Ikaja kata ya mbege, hiyo unaikataaje?

Kiboriloni_Juu:
Nimecheka mpaka mtoto ameamka.

BintiNjiro:
"Nani tena" 😂😂 nimekufa.

MlimaMeru:
Ndiyo maana mnanenepa huko Moshi. Arusha tuko juu, baridi, unakimbia Ilboru kilometa 3 tu kilo zinatoka. Simbu anafanyia mazoezi wapi?

BabaWaKibosho:
Simbu hali nyama choma ya Jumapili kama wewe. Weka picha ya tumbo tulione.

KochaMchakavu:
Kwenye mwinuko utahema zaidi, ndiyo. Ila kilo utaibeba ileile na kilometa ni ileile. Tuendelee.

NesiMstaafu:
Turudi kwa dada kabla hajakimbiwa. Dawa ya ile njaa ya saa 4 ni kula saa 1, hata kama huisikii. Usiongeze mlo, hamisha. Mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu cha ukubwa wa ngumi, chai isiyo na sukari. Saa 4 ikifika utaagiza supu kwa akili zako, bila chapati. Na badala ya soda kunywa maji, kiu yako uliidhani njaa. Ila kwa yeyote humu anayechoma insulini au anameza vidonge vya sukari, huo siyo mpango wako, ongea kwanza na kliniki yako kabla ya kukimbia alfajiri tumbo tupu.

JashoNiMafuta:
Mimi nakaa bila kula mpaka saa 6 mchana. Ndiyo njia.

BintiNjiro:
Mimi nikifanya hivyo usiku nafungua friji gizani. Kila mtu na tumbo lake.

NesiMstaafu:
Kama inamfaa bila kulipiza jioni, sawa. Wengi wanalipiza.

Kiboriloni_Juu:
Na ugoko je? Mimi ndiyo ulionishinda, ile mbele ya mguu inawaka moto.

KochaMchakavu:
Ulianza kwa kukimbia mfululizo? Ndiyo hivyo. Dakika moja mbio, mbili kutembea, dakika 25 basta, na mbio yenyewe uwe unaweza kumsimulia mwenzako kitu. Ukishindwa kuongea umezidisha. Maumivu yakiwa eneo kubwa na yanapoa ukipumzika, pumzika wiki mbili urudi taratibu. Ukibonyeza kwa kidole ukakuta nukta moja inayouma kwenye mfupa, usikimbie, nenda kapige picha.

Kiboriloni_Juu:
Shemeji nirudishie raba.

MrauAsili:
Namba 43 jamani.

MamaVifaa:
Wiki 6 zimepita nimerudi kutoa mrejesho. Nakimbia siku zilezile. Mayai saa 1, chapati imebaki Jumapili, soda nimeacha, jioni natembea. Jana nimepima kwa yule yule kijana, 90 na kitu kidogo. Mume wangu hajaona tofauti, lakini fundo la uzi limebaki vidole viwili. Njaa ya usiku bado inanisumbua Ijumaa, sijaipatia dawa. Kijana kachukua mia mbili yangu safari hii.

Baba wa Kibosho, siku ile ulirudije, mbio?

BabaWaKibosho:
Mbio za wapi na mbege tumboni? Bodaboda. Tena nimepakata nyama waliyonifungia kwenye jani la mgomba, na kanga ya watu bado kiunoni.