Mtu akituma ombi la dua, ametoa na ruhusa lirushwe?

Muulizaji, Kisauni: Naendesha kipindi cha mawaidha YouTube. Mtazamaji ametuma sauti akimuombea dua mumewe mgonjwa wa figo. Nikiondoa jina, nahitaji ruhusa tena?

Mzee wa kanisa, Changamwe: Sioni haja, kijana wangu. Kipindi hutangaza kila wiki kwamba maombi yatasomwa. Aliyetuma alijua.

Mhariri wa video, Majengo: Mzee wangu, hapo una haki nusu. Alijua litasomwa. Kuwekwa sauti yake kwenye video inayobaki mtandaoni miaka ni jambo jingine. Na jina si kitu kikubwa: akisema "mume wangu fundi wa boti, yuko dialisisi", mtaa mzima wa Mtongwe ushamjua, na sauti yenyewe wanaitambua.

Tena mwenye figo ni mume. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti, na mwenye kipindi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ruhusa ilitolewa. Kwa hiyo mimi huandika hivi, kisha nahifadhi jibu:

"Tunaomba kutumia sekunde 20 za sauti yako kwenye video ya Ijumaa, YouTube na Facebook. Mgonjwa amekubali? Tutaje jina, au tusitaje? Tukisoma wenyewe bila sauti yako, ni sawa?"

Asipojibu, dua inasomwa kwa maneno ya jumla: "tunamuombea ndugu yetu mgonjwa." Mungu anamjua.

Mwanakwaya, Likoni: Mimi walichukua klipu niliyoirekodi kwenye mkesha, wakakata jina langu pembeni, wakaweka nembo yao. Hiyo ndiyo dhuluma!

Mhariri: Pole dada. Lako ni la hakimiliki, na hapo jina ni haki yako. Kwa muomba dua, jina laweza kuwa ndiyo madhara, basi achague mwenyewe. Klipu ikija kwa WhatsApp imepitishwa mikono mingi, aliyekutumia siye aliyerekodi. Kuandika "kwa hisani ya mtandao" hakumtaji mtu yeyote. Mtafute mwenyewe, ukimkosa iache.

Muulizaji: Na akibadili nia baada ya video kutoka?

Mhariri: Anayo haki ya kuondoa ruhusa. YouTube hairuhusu kubadilisha faili ukabaki na kiungo kilekile, lakini ndani ya YouTube Studio waweza kukata kipande hicho na video ikabaki. Nakala walizopakua watu hutazirudisha. Hilo mwambie kabla hajakubali.

Mzee wa kanisa: Kuhusu sauti nimekuelewa. Lakini ushuhuda wa aliyepona, akautoa kwa furaha mbele ya waumini wote, naye nimpe fomu?

Mwanakwaya: Mpe, mzee. Alisimama mbele ya waumini, hakusimama mbele ya bosi wake.

Mzee wa kanisa: Hapo bado sijakubali.